Simu moja, laini mbili, mpaka katikati

(Mazungumzo na akina mama wa biashara ndogondogo, Goma, karibu na Birere)

Asanteni kwa kunikaribisha, mama zangu. Nimeombwa nizungumze kuhusu simu za laini mbili, na nitaanza na mama mmoja aliyekuja kwenye meza yangu ya kutengeneza simu. Jina lake silitaji. Wengi wenu mnafanya kama yeye: asubuhi anavuka Petite Barrière kwenda Gisenyi kuchukua nyanya na vitunguu, mchana anauza huku. Ndani ya simu yake kuna laini ya Kongo, ambayo anainunulia forfe ya mega kwa ajili ya WhatsApp, na laini ya Rwanda, ambayo ina unite za kuongea na mkulima wake wa ng'ambo.

Akaniambia: «Papa, simu yangu inakula unite. Nimeweka za Rwanda jana jioni, leo hazipo, na sijampigia mtu. Mega zangu za Kongo zimebaki zote.»

Sikuigusa simu kwanza, nilimuuliza: ulipigiwa? Akasema ndiyo, mkulima alimpigia, wakabishana bei kwa muda mrefu sana. Mama zangu, kupigiwa hakukati unite mtu akiwa nyumbani kwenye mtandao wake. Lakini hapo ndipo mwizi alipojificha.

Simu zenu nyingi zina laini mbili lakini redio moja. Laini zote mbili zinasubiri kupigiwa, ila mtu akianza kuongea kwenye moja, nyingine inanyamaza. Data nayo hupita kwenye laini moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mama anapoongea kwenye laini ya Rwanda, data ya laini ya Kongo inasimama. Watengenezaji wa simu wakaona hiyo ni kero, wakaweka swichi ndogo: ukiwa unaongea kwenye laini ya pili, simu inaruhusiwa kuhamisha data huko hadi umalize. Nyingine inahama pia mtandao wa laini ya kwanza ukiwa dhaifu. Swichi hiyo haikuulizi tena kila mara. Kwa mama huyu ilikuwa imewashwa. Alipokuwa akibishana bei, WhatsApp ilikuwa inashusha picha na video za kikundi cha kanisa kupitia laini ya Rwanda isiyo na forfe, na kila mega ikakatwa kwenye unite kwa bei ya kawaida. Unite zikaisha, na yeye hakumpigia mtu kweli.

Nilijuaje? Tulifungua Paramètres tukatafuta sehemu ya matumizi ya data. Simu inahesabu kila laini peke yake. Laini ya Rwanda, ambayo yeye alidai haitumii kwa intaneti, ilikuwa na mega za kutosha, na chini yake WhatsApp ndiyo iliyoongoza. Halafu nikamjaribia mbele ya macho yake. Nilimwambia aangalie juu ya skrini, pale kwenye vijiti viwili vya mtandao: alama ya 4G au mishale midogo inakaa upande wa laini inayobeba data. Nikampigia kwenye laini ya Rwanda, akapokea, na alama ikaruka upande wa pili. Alishika mdomo.

Basi tukaanza kupanga. Jambo la kwanza ni majina. Ndani ya Paramètres, kwenye Cartes SIM, tulifuta yale majina ya kampuni tukaandika «Kongo» na «Rwanda», na kila moja ikapewa rangi yake. Inaonekana kama mchezo, lakini ukiwa kwenye pikipiki barabara ya mawe ya lava, mkono unatetemeka, utachagua rangi kabla ya kusoma neno.

Kwenye Données mobiles tuliweka Kongo, kisha tukazima ile swichi ya kuhama. Jina lake si moja kwenye simu zote. Tafuteni karibu na hapo maneno yanayosema kuhamisha data yenyewe, au data wakati wa kuongea. Ina gharama yake: sasa akiongea kwenye laini ya Rwanda, WhatsApp inanyamaza mpaka akate. Alirudi siku ya pili akidhani nimeiharibu. Haijaharibika, data inasubiri zamu yake. Akikaa Gisenyi siku nzima, ananunua mega za kule na kubadili Données mobiles kwa mkono wake, na akirudi anairudisha. Simu haitajua mpaka uko wapi.

Kwenye Appels nilikataa kumwekea laini moja. Kuna wateja wa +243 na wakulima wa +250. Ukiweka Kongo iwe ya kudumu, utamrudishia mkulima simu kwa bei ya kimataifa bila kujua, kwa sababu simu haisomi namba ikachagua laini yenyewe. Tuliweka iulize kila mara. Ndiyo, inachosha. Kugusa mara moja ni nafuu kuliko kuongea na Gisenyi kama vile uko Ulaya.

Lakini angalieni mtego hapo. Dirisha la kuuliza mara nyingi lina kisanduku kidogo cha kukumbuka chaguo kwa mtu huyo. Ukikibonyeza kwa haraka, mkulima wako atapigiwa kwa laini ya Kongo siku zote, na utaapa kwamba simu imeasi. Fungua jina lake kwenye orodha, tafuta vidoti vitatu au mahali pa laini ya mtu huyo, uondoe. Kisha uandike namba yake kuanzia +250. Ukiandika 07 peke yake, laini ya Kongo itaitafuta ndani ya Kongo.

Kuuliza kila mara kunasaidia pia mnapobonyeza namba za nyota na reli kwa ajili ya pesa au kuangalia unite. Namba hizo hupita njia ya simu za kuongea. Ukiipeleka kwenye laini isiyo yake, unapata «code IHM non valide», na mtu anadhani akaunti yake ya pesa imefungwa.

Mama wa nyuma pale anauliza: «Nikibadili data kwenda Rwanda, WhatsApp yangu itabadili namba?» Hapana, mama. WhatsApp inafuata namba uliyojiandikishia. Data ni barabara tu. Ukipita barabara nyingine, jina lako halibadiliki.

Na wewe, dada, unayesema ulipanga vizuri kisha ikaharibika yenyewe: kadi yako inalegea? Kadi ikikosa kugusa, hata kwa dakika chache, simu inaona imebaki laini moja na kuipa kazi zote. Kadi ikirudi, mara nyingine simu inauliza tena, na wewe unafunga dirisha bila kusoma. Leta tuangalie kitreya, kisha turudi Cartes SIM tuone nani ana kazi gani sasa.

SMS, nusu niisahau. Ndani ya ujumbe, pembeni ya kitufe cha kutuma, simu nyingi zinaonyesha alama ya laini. Gusa hapo kabla ya kutuma. Toeni simu zenu tujaribu pamoja, tuanze na mama wa vitunguu.