Karatasi Iliyoharibika na Kura Iliyokataliwa: Mhadhara Kuhusu Kutafsiri Kipeperushi cha Hatua za Kupiga Kura

Mabibi na mabwana, wafasiri wenzangu, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie tafsiri ya vipeperushi vya elimu ya uraia, lakini badala ya kuzunguka uwanja mzima nitawaonyesha kipeperushi kimoja tu, cha karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, kinachomweleza mpiga kura wa Kenya hatua za kufuata siku ya uchaguzi mkuu. Rasimu tuliyokabidhiwa ilikuwa katika Kiingereza cha wanasheria, nasi tulitakiwa kutoa matoleo mawili, moja la Kiswahili na moja la Kiingereza chepesi, yenye picha zilezile na maelezo mafupi chini ya kila picha. Sharti lilikuwa kwamba pasiwepo neno wala picha itakayomwelekeza msomaji kwa mgombea au chama chochote.

Hatua iliyotutoa jasho haikuwa ile ya kuweka alama, kama nilivyotarajia, bali ile ya mtu aliyekosea. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita, yaani ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge wa eneo bunge na ya mwakilishi wa wadi, na mtu mwenye karatasi sita mkononi hukosea kwa urahisi. Kanuni za uchaguzi zinatofautisha mambo mawili. La kwanza ni karatasi ambayo mpiga kura ameikosea kwa bahati mbaya kabla ya kuitumbukiza sandukuni. Hiyo anaweza kumrudishia afisa anayesimamia kituo, naye akaifuta na kumpa nyingine. La pili ni karatasi ambayo tayari imo sandukuni na ambayo, wakati wa kuhesabu, inaonekana haina alama, au ina alama kwa wagombea wawili, au ina maandishi yanayomtambulisha aliyeipiga. Hiyo hukataliwa, na hakuna wa kuirudisha.

Kiingereza cha kanuni kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo, "spoilt" kwa la kwanza na "rejected" kwa la pili, ingawa Waingereza wenyewe huyachanganya mitaani. Kwetu magazeti na redio vimezoea kusema "kura zilizoharibika" kwa yote mawili, na hasa kwa lile la pili. Rasimu yetu ya kwanza ya Kiswahili ilifuata mazoea hayo. Ilisema: "Ukiharibu kura yako, mwarifu afisa wa kituo." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na mhariri yeyote angeipitisha. Tulipowapa wasomaji wachache ambao hawakuwa wameiona rasimu ya Kiingereza, na kuwauliza wangefanya nini iwapo wangeweka alama mahali wasipokusudia, baadhi yao walijibu kwamba wangeitumbukiza hivyo hivyo, kwa kuwa kura ikishaharibika imeharibika. Mmoja alisema angeogopa kumwarifu afisa asije akashtakiwa kwa kuharibu kura. Neno tulilolitoa katika mazoea ya habari za matokeo lilikuwa limewafungia mlango ambao kanuni zimeuacha wazi.

Hapa sarufi yetu ina jambo la kutufundisha. Kitenzi "kuharibu" kina mtendaji, na mtendaji huyo ni msomaji wetu. "Kuharibiwa" pia kinamtafuta mtendaji hata asipotajwa. "Kuharibika" ndicho kinachoeleza hali bila kumnyooshea mtu kidole. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba kubadilisha mnyambuliko kungetosha, na kwa kweli tulijaribu: "Karatasi ikiharibika, mwarifu afisa." Lawama iliondoka, lakini utata ulibaki, kwa sababu wasomaji sasa walidhani tunazungumzia karatasi iliyochanika au kulowa. Toleo lililofanya kazi liliacha neno hilo kabisa na kueleza tendo: "Ukikosea kuweka alama, usiitumbukize karatasi hiyo sandukuni. Mrudishie afisa akupe nyingine." Kisha tukarudi kwenye Kiingereza na kukiandika upya kwa kufuata Kiswahili, nacho kikawa bora kuliko rasimu ya wanasheria. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kwamba tafsiri huenda upande mmoja. Matoleo mawili ya kipeperushi yakiandikwa sambamba, lile linaloeleweka zaidi ndilo linalostahili kuwa chanzo cha sentensi hiyo, liwe la lugha gani.

Kuhusu kura iliyokataliwa, tuliamua isitajwe kwa jina popote. Jina hilo ni muhimu kwa mawakala na mawakili. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kenya ililazimika kuamua kama kura zilizokataliwa zihesabiwe katika kukokotoa asilimia ya mgombea wa urais, na ikaamua zisihesabiwe. Mtu aliyesimama foleni hahitaji mjadala huo. Anahitaji kujua kwamba karatasi moja huwekwa alama moja, na kwamba hapaswi kuandika jina lake juu yake.

Sasa niingie kwenye maneno yanayoegemea upande. Hatari ya wazi, kama vile kutaja chama, kila mtu huiona. Iliyojificha imo katika maneno mazuri. Rasimu moja ilisema "Mchague kiongozi bora", na mwenzetu aliyeiandika alishangaa tulipoikataa. Aliye kwenye karatasi ya kura bado si kiongozi, ni mgombea. Na anapokuwapo mtu anayetetea kiti chake, neno "kiongozi" linamwangukia yeye peke yake. Nalo neno "bora" linamdokezea msomaji kwamba kipeperushi kina jibu lake. Hata "umpendaye", linalosikika tamu, linaifanya kura kuwa suala la mapenzi, na watu wengi humpigia mtu kura bila kumpenda hata kidogo. Tuliishia na "mgombea unayemchagua", maneno makavu, lakini hayamsukumi mtu.

Kuna pia kosa linalotokana na Kiingereza cha sheria, ambacho kina kitenzi kifupi kimoja, "may", kinachobeba ruhusa na uwezekano kwa pamoja. Rasimu ilipoeleza kwamba mpiga kura mwenye ulemavu au asiyejua kusoma anaruhusiwa kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, tafsiri ya haraka ilitoa "anaweza kusaidiwa". Msomaji wa Kiswahili husikia hapo kwamba huenda akasaidiwa, maafisa wakipenda. Tuliandika "ana haki ya kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe", na katika toleo la Kiingereza tukaliweka neno la haki mahali pa kitenzi kile.

Maelezo ya picha tuliyawekea kanuni mbili. Kila picha ionyeshe tendo moja, na maelezo yaanze na kitenzi chake ikiwa mtendaji ni mpiga kura: "Weka alama moja", "Kunja karatasi". Ikiwa mtendaji ni mwingine, atajwe: "Karani anakagua kitambulisho chako." Tulitumia amri ya umoja, kwa sababu "wekeni" inamfanya mtu ahisi kwamba anahutubiwa pamoja na umati, ilhali ndani ya kibanda yuko peke yake. Mtego wetu mkubwa ulikuwa viambishi vya yambwa. Katika maandishi marefu, "ikunje kisha uitumbukize" inapendeza, lakini chini ya picha inayosimama peke yake msomaji anauliza kinachokunjwa ni nini, kwani "i" hiyo inaweza kuwa karatasi, kalamu au hata kadi. Mtu husoma kipeperushi kwa kurukaruka, hivyo kila maelezo hayana budi kubeba nomino yake mwenyewe, hata kama nomino hiyo imekwisha kutajwa mara tatu.

Kwa kuwa kila karatasi huwa na rangi inayolingana na mfuniko wa sanduku lake, mchoraji alitaka maelezo yaseme "tumbukiza kila karatasi kwenye sanduku la rangi yake" na kuishia hapo. Kipeperushi hiki, hata hivyo, hutolewa nakala kwa mashine za kawaida, na nakala ya tatu huwa ya kijivu tupu. Tuliongeza jina la wadhifa kwenye kila sanduku.

Michoro yenyewe ilitafsiriwa pia, kama naweza kusema hivyo. Ili kuonyesha kufika mapema, mchoraji alichora jua linachomoza na jogoo juu ya ua. Picha ilikuwa ya kuvutia, lakini jogoo ndiye alama ya chama cha KANU. Tukamwondoa. Kikapu cha machungwa kando ya foleni nacho kikaondoka, kwa sababu chungwa lilikuwa alama ya upande wa "hapana" katika kura ya maoni ya mwaka 2005 na likarithiwa na chama cha ODM. Toroli la mjenzi lilifuata, kwa sababu ni alama ya chama cha UDA. Wenzetu wa Tanzania walioipitia michoro walituonya kuhusu mkono uliopakwa wino, kwamba vidole viwili vilivyoinuliwa ni saluti ya chama cha Chadema, basi tukauchora ukiwa umelala mezani. Katika karatasi ya mfano hatukuweka majina ya watu, kwa kuwa jina la ukoo hutaja jamii. Tuliweka mraba, duara na pembetatu, na alama tukaiweka mahali tofauti katika picha mbili, ili jicho lisizoee mstari wa kwanza.

Nimalizie na saa, ambayo karibu itutie aibu. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na aliyekwisha kuwa foleni wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga kura. Kiingereza huandika 6 na 5 kwa saa hizohizo. Mpangaji kurasa, kwa nia njema kabisa, alinakili tarakimu za toleo la Kiingereza akaacha maneno ya Kiswahili, na tukapata "saa 6 asubuhi hadi saa 5 jioni". Msomaji angejiuliza kama kituo hufunguliwa adhuhuri na kufungwa saa 5 usiku. Mchoro wa saa ya ukutani uliokuwa kando haukusaidia, maana mshale wake mfupi ulielekea kwenye 6 huku maelezo sahihi yakipaswa kusema 12. Sisi tuliozoea hufanya hesabu hiyo bila kufikiri, lakini pale picha na maandishi yanapopingana, anayesoma kwa taabu huamini picha. Tuliondoa mchoro wa saa katika matoleo yote mawili, tukaandika saa kwa maneno, "saa kumi na mbili asubuhi", na kumwomba mtu ambaye hakuhusika na kazi hiyo asome kwa sauti tarakimu zote za toleo moja huku mwingine akifuatilia kwenye toleo la pili.

Tulilirudisha toleo la mwisho kwa wasomaji walewale na kuwauliza swali lilelile la mtu aliyekosea alama. Yule aliyeogopa kushtakiwa aliweka kidole kwenye picha ya tano, akasoma maelezo yake polepole, kisha akauliza kama hiyo karatasi nyingine atapewa bure.