Baada ya Kumkataa, Andika Siku Hiyohiyo

Ndugu zangu, malalamiko mengi ya kusumbuliwa kimapenzi kazini ninayoletewa yana sentensi moja tu: "Ananisumbua kila siku." Mchunguzi akiuliza ni lini, wapi, alisema nini, mlalamikaji anabaki kukisia. Anayelalamikiwa anajibu, "Tulikuwa tunataniana," na faili linafungwa. Inaniuma, kwa sababu mambo yenyewe yalitokea kweli.

Tuchukue mhasibu aliyeombwa na mwenzake watoke pamoja. Kwa adabu akajibu, "Nina shughuli." Mwenzake akaendelea, na akiulizwa atasema alidhani wiki ijayo kuna nafasi. Basi mhasibu amwandikie: "Sitaki uhusiano wa kimapenzi nawe. Naomba tuzungumze mambo ya kazi tu." Asiweke matusi wala sababu, maana sababu hujadiliwa. Kuanzia tarehe ya ujumbe huo, hakuna wa kudai kwamba hakuelewa. Kama anamwogopa, asimwandikie. Aende moja kwa moja kwa msimamizi au ofisi ya rasilimali watu.

Sasa daftari. Mwenzake amerudi, na jioni ileile mhasibu anaandika: "Jumanne, saa 10:20 jioni, mezani kwangu. Aliinama karibu na bega langu akasema, 'Nakusubiri, najua utabadilika.' Nikamjibu, 'Nilishakwambia sitaki.' Mwenzetu wa meza ya pili aligeuka kututazama. Nikahamia chumba cha mikutano kumalizia hesabu." Mnaona? Maneno yamewekwa yalivyotamkwa, shahidi yupo, na athari kwa kazi ipo. Angeandika "alinitongoza tena", angekuwa ametoa hukumu bila kuonyesha tukio. Na asingoje mwisho wa mwezi: kumbukumbu ya siku hiyohiyo huaminika kuliko orodha iliyotungwa siku ya kulalamika.

Kuna atakayeniambia, "Lakini ni salamu tu, ni zawadi tu, hakumgusa!" Ndiyo, tukio mojamoja ni dogo. Yapange kwa tarehe chini ya ule ujumbe wa kukataa: salamu usiku wa manane, zawadi iliyorudishwa ikaletwa tena, kumvizia mlangoni wakati wa kutoka. Hapo mpangilio unaonekana, na mpangilio ndio mchunguzi anaoutafuta.

Ujumbe wa simu usifutwe, hata unaochefua. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina, namba, tarehe na majibu yako pia; ukiyakata, utaulizwa unaficha nini. Nakala zikae nje ya kompyuta ya ofisi, maana akaunti inaweza kufungwa siku moja, ila usichukue nyaraka za wateja. Kumrekodi mtu sauti kwa siri kuna sheria zake, tofauti kila nchi. Muulize mwanasheria kwanza.

Muda unanibana. Lalamiko liende kwa barua pepe, hata kama mmeshazungumza ana kwa ana, na nakala ubaki nayo. Kisha daftari liendelee: zamu zikibadilishwa ghafla au tathmini yako ikishuka baada ya kulalamika, hilo nalo liandikwe na tarehe yake.