Anayebaki Kazini Naye Ameguswa

Ndugu zangu wasimamizi, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: barua za kupunguza watu zikishatoka, bado mna deni kwa waliobaki.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki nyingi za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU zilipoteza watumishi wa miradi ghafla. Mchukulieni muuguzi aliyebaki kwenye kliniki iliyokuwa na watu tisa, wanne wakaondoka. Anajua mshauri nasaha aliyeondoka alikuwa hodari kuliko yeye wa kuwatafuta wagonjwa walioacha dawa. Anajiuliza: kwa nini yeye, si mimi? Hakuna anayemjibu, basi anajijibu mwenyewe: ama zamu yangu inakuja, ama nakula riziki ya mwenzangu.

Tangu hapo anatoka kazini usiku, haombi likizo, na simu ya mwenzake aliyeondoka haipokei, maana hajui atamwambia nini. Ninyi mnamsifu kwa kujituma! Ile ni hofu na hatia. Fungueni daftari la likizo muone nani hajaomba kabisa. Kagueni kadi za wagonjwa: tarehe za miadi zimekosewa, majibu ya wingi wa virusi hayajaingizwa. Mtu aliyekuwa makini akianza kukosea hivyo na kuficha, msikimbilie kumwandikia onyo.

Dawa ya kwanza ni kumweleza kigezo, waziwazi: "Umebaki kwa sababu ajira yako ni ya serikali, mkataba wa mwenzako ulilipwa na mradi uliofungwa. Hakuna aliyepima nani bora." Mtaniambia hizo ni siri za ofisi. Siri ni faili la mtu. Kigezo si siri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri ashauriane na wafanyakazi kuhusu namna ya kuchagua watakaopunguzwa. Mtafiti Joel Brockner, aliyewachunguza waliobaki kazini tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba wanapima haki kwa jinsi wenzao walivyoondolewa na maelezo yaliyotolewa. Kwa hiyo malipo ya walioondoka yakicheleweshwa, aliyebaki anaumia pia.

La pili, andikeni kila kazi ya walioondoka, kisha amueni: inaendelea, na nani, inapunguzwa, au inasimama. Msipoandika, mwenye hatia ataibeba yote. Najua kufuatilia walioacha dawa hakuwezi kusimama. Sawa, basi ripoti ipi ipungue ili muuguzi apate saa za kupiga simu? Amueni ninyi, msimwachie yeye.

Na muda umekwisha, kwa hiyo haraka: msiahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa tena, toeni tarehe ya taarifa ijayo, na siku hiyo semeni, hata kama hakuna jipya. Asiyelala kwa wiki mbili mfululizo aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Na ile kauli ya "shukuru una kazi" iacheni kabisa, kwa sababu ndiyo inayomfunga mdomo.