Ankara ya 180, imeingia 179: ile moja imekwenda wapi?

(Mhadhara kwa wafanyabiashara, Dar es Salaam)

Habari za jioni ndugu zangu. Nitaliacha kando suala la sheria, ila mkumbuke kwamba Benki Kuu ilishatangaza mwaka 2019 kuwa fedha halali nchini ni shilingi. Kwa hiyo mfano wangu ni wa kuuza nje. Fundi wa vinyago pale Mwenge ana mnunuzi aliyeko ng'ambo, na wamekubaliana walipane kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwenye mtandao wa Tron.

Ankara ni 180 USDT. Mnunuzi anaandika, "Nimeshatuma." Fundi anafungua waleti, anakuta 179. Mnunuzi anaapa katuma 180 na anatuma picha ya skrini. Fundi anahisi kaibiwa, na mwenzake naye anaona anasumbuliwa bure.

Wote wawili wanasema kweli. Watu hudhani ile moja imeliwa njiani, lakini blokcheni haifanyi hivyo. Kwenye Tron, ada ya kuhamisha USDT hulipwa kwa TRX, yaani sarafu nyingine kabisa. Muamala ukisema 179, zinafika 179 kamili. Chukua namba ya muamala, ibandike kwenye Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron, usome kiasi. Ukikuta 179, basi ile moja haikuwahi kuingia kwenye mtandao. Ilibaki kwenye soko la kripto alikotolea mnunuzi, yaani kampuni ya mtandaoni inayomtunzia sarafu zake.

Masoko mengi hukata ada ya kutoa ndani ya kiasi unachojaza. Umejaza 180, ada ni 1, linatuma 179. Rudi kwenye ile picha yake, usiishie kwenye tarakimu kubwa ya juu. Chini kuna mstari wa ada, na mwingine wa kiasi atakachopokea mlipwaji, mara nyingi umeandikwa `Receive amount`. Hapo ndipo penye 179. Sisi wa Dar tunalijua hili tangu enzi za pesa za simu: mtu akikutumia elfu kumi bila ya kutolea, hushiki elfu kumi.

Anayetuma kutoka waleti yake mwenyewe kwa kawaida hana shida hii, maana ada inalipwa juu ya kiasi. Ila hata huko kuna mtego: Bitcoin Core, programu ya waleti ya Bitcoin, ina chaguo la `subtractfeefromamount`, na likiwashwa ada inakatwa kwenye fungu la mpokeaji.

Sasa ufanyeje na 179? Wengi hukimbilia kusema, "Ongeza hiyo moja." Hebu tupige hesabu. Tuseme soko lake haliruhusu kutoa chini ya 10. Atajaza 10, itakatwa 1, utapokea 9. Ulikuwa unadai 1, sasa una ziada ya 8 na unatakiwa kuirudisha, nayo ina ada yake. Mmegombana na mmepata hasara wote wawili. Kwa pungufu la ukubwa wa ada, mimi nasema samehe, peleka mzigo, andika kwenye daftari: ankara 180, imepokelewa 179, punguzo 1.

Programu za ankara kama BTCPay Server zina mahali pa kuweka asilimia ya pungufu unalolivumilia, ankara ihesabike imelipwa. Hapa kuwa makini, kwa sababu ada ya soko ni kiasi kisichobadilika, wakati asilimia hukua na ankara. Ukiweka 1%, ankara ya 180 inavumilia 1.80, sawa. Ankara ya 40 inavumilia senti 40 tu, kwa hiyo itakwama kwa ada ileile. Na ya 3,000 inavumilia 30, mjanja akishagundua atakutumia 2,970 kila mara. Mimi ningeweka asilimia ndogo, zile ankara ndogo zinazokwama nikazikagua mwenyewe. Pungufu likiwa 14 na ada ni 1, hiyo si ada tena. Simamisha mzigo, udai.

Kuna mama mmoja ameniuliza, kwa nini tusiandike tu 181? Kwa sababu soko jingine huongeza ada juu, na huyo utakuwa umemtoza zaidi. Andika kwenye ankara: "Kiasi kinachotakiwa KUFIKA ni 180 USDT. Kabla ya kuthibitisha, hakikisha mstari wa kupokelewa unasoma 180."

Na ikibidi kurudisha hela, tafadhali usirudishe kwenye anwani ilikotoka. Anwani ile ni ya soko, wanatolea wateja wote hapo, na hela yako inaweza kuishia humo bila kuingia kwenye akaunti ya mnunuzi. Muombe anwani yake ya kupokelea, akuthibitishie ni ya mtandao gani, na mkubaliane kabla hujabonyeza kama ada ya kurudisha ni yako au yake.