Mama wa Chamwino Kalipa Bati Mara Mbili

YOHANA: Dada Pendo, wewe ndiye unashika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, Dodoma mjini. Yule mama wa Chamwino aliyelipa bati mara mbili, mlimgunduaje?

PENDO: Jioni, wakati wa kufunga hesabu. Huwa naweka orodha ya miamala ya Lipa Namba pembeni ya risiti za EFD za siku hiyo. Ijumaa ile miamala ilizidi risiti kwa shilingi 384,000. Sasa hiyo ni bei kamili ya bati 12, kila moja 32,000. Ziada ikilingana hivyo na mzigo mmoja, nashuku mtu kalipa mara mbili.

YOHANA: Si wanaweza kuwa wateja wawili, kila mmoja kachukua bati 12?

PENDO: Wanaweza, na mmoja hakukatiwa risiti. Ndiyo maana nilikwenda kwanza stoo. Daftari linasema zimetoka 12, siyo 24, na zilizobaki nikazihesabu zikakubali. Halafu namba za muamala: zilikuwa mbili tofauti. Ingekuwa ileile imejirudia, basi ni ujumbe tu umeingia mara mbili, hela ni moja.

YOHANA: Ikawaje hadi walipe tena?

PENDO: Mtandao ulikuwa unasuasua. Mama kalipa, ujumbe haukuja kwake wala kwetu. Binti yake akaogopa gari lisiwaache, akalipa kwa simu yake. Wa binti ukaja, tukakata risiti, wakapakia. Wa mama ukaingia baadaye, duka limejaa watu, hakuna aliyeuona.

YOHANA: Kwa hiyo inarudi kwa nani?

PENDO: Kwa namba ya mama, kwa sababu risiti ilikatwa kwa malipo ya binti. Ziada irudi ilikotoka. Mtu akipiga akasema "nitumie kwa namba hii nyingine," usitume, kaka. Matapeli wanapita hapohapo.

YOHANA: Na anaipata lini? Maana hilo ndilo linalomkosesha mtu usingizi.

PENDO: Ndiyo, na ni haki yake kuambiwa siku. Salio la Lipa Namba lilikuwa limeshahamishiwa benki, kwa hiyo ni Jumatatu. Nilimpigia usiku uleule, nikamwandikia: "Mama, tumepokea malipo mawili ya bati zako 12, moja kwa simu yako, moja kwa ya binti yako. Shilingi 384,000 zitarudi kwenye namba yako hii Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Gharama ya kutuma ni yetu. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri."

YOHANA: Na vitabuni, hadi Jumatatu?

PENDO: Inakaa kama deni letu kwake. Ukiiingiza kwenye mauzo, utakuja kuilipia kodi hela isiyo yako. Jumatatu asubuhi nikatuma, nikampa namba ya muamala aangalie salio. Akathibitisha imeingia, ndipo nikalifuta lile deni.