Moshi wa Makaa ya Mawe: Vumbi, Salfa na Majivu Yanayobaki

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nieleze namna vituo vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe vinavyosafisha moshi kabla haujatoka kwenye dohani. Nitaegemea vituo viwili vya jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini. Cha kwanza ni Kendal, ambacho hunasa vumbi kwa vichujio vya umemetuli. Cha pili ni Kusile, ambacho ndicho cha kwanza nchini humo kujengwa kikiwa na minara ya kuoshea salfa.

Naomba tuanze na hesabu ndogo, kwa maana bila hesabu mambo haya hugeuka maneno matupu. Chukueni mtambo mmoja wa megawati 600 unaochoma tani 350 za makaa kwa saa, na makaa hayo yawe na majivu asilimia 30, kama yalivyo mengi ya yale yanayouzwa kwa vituo vya Afrika Kusini. Kila saa inayopita tunapata tani 105 za majivu. Kiasi cha tani 15 huungana na kuanguka chini ya boila, na tani 90 zilizobaki ni laini kama unga wa ngano, kwa hiyo huchukuliwa na moshi. Kama hakuna kitu cha kuzizuia, tani hizo 90 zinatoka kwa kila saa, usiku na mchana.

Moshi ukishaacha boila na kupoteza joto lake mpaka kufikia nyuzi 130 hivi za selsiasi, unaingia katika nyumba kubwa ya chuma, ambayo ndiyo kichujio cha umemetuli. Humo njia inapanuka ghafla, na moshi uliokuwa ukienda kasi ndani ya mabomba sasa unatembea mwendo wa mtu asiye na haraka, mita moja hivi kwa sekunde. Ndani yake yamening'inizwa mabamba ya chuma yenye urefu wa ghorofa kadhaa, safu kwa safu, yakiwa yameachana kiasi cha sentimita 30 au 40. Katikati ya kila mabamba mawili zimening'inizwa nyaya zenye umeme hasi wa volti elfu 40 hadi elfu 70, ilhali mabamba yameunganishwa na ardhi. Umeme huo unaifanya hewa iliyo karibu na waya itoe mng'ao hafifu wa zambarau unaoitwa korona (jina hilo lilikuwapo kabla ya ugonjwa, na halina uhusiano nao). Kutoka katika mng'ao huo humiminika ioni hasi, zinazoigandamia kila chembe ya vumbi inayopita. Chembe ikishapata chaji husukumwa upande, ikafika kwenye bamba, ikashika. Baada ya muda nyundo hugonga bamba, na tabaka la vumbi huporomoka vipande vipande hadi kwenye makasha ya chini yenye umbo la faneli.

Nyumba hiyo hugawanywa vyumba vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa na umeme wake. Tuseme kila chumba kinanasa asilimia 80 ya vumbi linaloingia. Katika tani zetu 90, cha kwanza kinaachia tani 18, cha pili tani 3.6, cha tatu kilo 720, na cha nne kilo 144. Hapo tumenasa zaidi ya asilimia 99.8. Sasa waya mmoja ukatike na kulalia bamba. Chumba chote kinapoteza umeme wake, tumebaki na vyumba vitatu, na kinachotoka kwenye dohani kinarudi kuwa kilo 720, yaani mara tano ya awali. Kwa karatasi bado tunaweza kujisifu kwamba tumenasa asilimia 99.2. Ndiyo sababu huwa sipendezwi na asilimia hizi za kunasa. Mtu anayeishi chini ya upepo wa dohani anavuta kile kilichoponyoka, na hicho ndicho kinachopaswa kuandikwa kwenye ripoti. Tena hesabu yangu imekipendelea kichujio, kwa sababu chembe ndogo kabisa, zile zinazofika ndani ya mapafu, ndizo ngumu zaidi kunasa.

Mwendeshaji hahitaji kufungua mlango ili ajue kuna waya uliokatika. Mita ya volti inaanguka karibu na sifuri huku mkondo ukipanda. Dalili kama hiyo huonekana pia kasha la chini likijaa mpaka majivu yakagusa nyaya. Hilo la kujaa ni baya zaidi, kwa sababu mrundikano wa majivu huweza kupinda mabamba na fremu za nyaya, na baada ya hapo nafasi kati yake haiko sawa tena hata majivu yakiondolewa. Pale Kendal, mgomo wa katikati ya mwaka 2018 ulifuatiwa na uharibifu wa vichujio na mitambo ya kuondolea majivu. Vumbi likapanda kupita kiwango cha leseni, na mwishoni mwa 2019 wizara ya mazingira ikatoa amri ya kutaka mitambo miwili kati ya sita ya kituo hicho isimamishwe.

Niliwahi kuingia ndani ya kichujio kilichozimwa kwa matengenezo, katika kituo ambacho sitakitaja. Msimamizi alinionya nisimame kando ya mlango wa kasha kabla hajaulegeza. Nilidhani anatia chumvi. Mlango ulipofunguka kidogo, majivu hayakuanguka kama mchanga, bali yalitiririka kama maji, maana yalikuwa yamejaa hewa ndani yake, na yalikuwa bado ya moto. Tangu siku hiyo sisimami mbele ya mlango wa kasha la majivu, hata nikiambiwa ni tupu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanafunzi hulishangaa. Makaa yenye salfa kidogo, ambayo kila mtu angeyasifu, huweza kukiharibia kichujio kazi. Tabaka la vumbi lililo juu ya bamba lazima lipitishe umeme kidogo, ili chaji ipate njia ya kwenda ardhini. Moshi wa makaa yenye salfa huwa na SO3 kidogo, gesi ya salfa na oksijeni, nayo huungana na unyevu na kutandaza utando mwembamba wa asidi juu ya chembe, na utando huo ndio unaopitisha chaji. Salfa ikipungua, ukinzani wa umeme wa majivu unapanda sana. Chaji inajilimbikiza ndani ya tabaka mpaka tabaka lenyewe linapasuka kwa umeme na kuanza kurusha ioni chanya kuelekea kwenye waya. Hiyo ni korona ya kinyume. Mkondo kwenye mita unapanda, volti inashuka, na dohani inaanza kufuka, ingawa hakuna waya hata mmoja uliokatika. Kinachoitofautisha na waya uliokatika ni kwamba volti haianguki hadi karibu na sifuri, na ugonjwa huonekana katika vyumba kadhaa kwa pamoja.

Dawa yake Kendal ni kuirudisha salfa. Salfa huyeyushwa, huchomwa ikawa SO2, hupitishwa kwenye kichocheo cha vanadi ikawa SO3, kisha hupulizwa ndani ya moshi kwa kipimo cha sehemu chache tu katika kila milioni. Kikizimika kiwanda hicho kidogo cha kando, kichujio kikubwa nacho kinalegea.

SO2 yenyewe, gesi ambayo salfa ya makaa hugeuka kuwa inapoungua, haina chaji wala si chembe, kwa hiyo inapita kwenye kichujio cha umeme kana kwamba hakipo. Kuiondoa kunahitaji kuiosha. Wazo hili ni la zamani: kituo cha Battersea cha jijini London kiliosha moshi wake tangu miaka ya 1930, kwa maji ya mto Thames. Katika mnara wa Kusile, moshi ambao vumbi lake limeshanaswa (kituo hiki hutumia mifuko ya kitambaa badala ya umemetuli) unapanda kutoka chini, na juu yake unanyeshewa uji wa maji na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Gesi inayeyuka katika matone na kuungana na chokaa. Chini ya mnara hewa hupulizwa ndani ya uji, na kinachotokea mwisho ni jasi:

```
CaCO3 + SO2 + ½ O2 + 2 H2O → CaSO4·2H2O + CO2
```

Turudi kwenye mtambo wetu. Kama makaa yana salfa asilimia 1, tani 350 hutoa tani 7 za SO2 kwa saa. Kuondoa asilimia 90 yake, yaani tani 6.3, kunahitaji karibu tani 10 za mawe ya chokaa na kunazaa tani 17 hivi za jasi. Angalieni pia upande wa kulia wa mlinganyo: kila tani ya SO2 inayokamatwa hivi inaachia takriban kilo 690 za kaboni dioksaidi kutoka kwenye chokaa lenyewe.

Moshi unatoka mnarani ukiwa na nyuzi 50 hivi na umelowa kabisa, na ndiyo maana dohani ya aina hii hutoa wingu jeupe zito. Kabla ya kutoka hupita kwenye mapezi yaliyopindapinda ya kukamata matone. Matone yakiponyoka hubeba uji, na uji hugandia ndani ya bomba. Tarehe 23 Oktoba 2022 bomba la moshi la mtambo wa kwanza wa Kusile lilishindwa kubeba tope lililokuwa limejikusanya ndani yake, likapinda. Kwa kuwa mabomba ya mitambo mitatu yamo ndani ya dohani moja ya zege, yote mitatu ilisimama, kila mmoja wa megawati 800, wakati nchi ilikuwa tayari katika mgao wa umeme. Mitambo hiyo ilirudi mwaka 2023 kwa dohani za muda zilizoipita minara ya kuoshea, kwa ruhusa maalumu ya serikali. Kwa kipindi hicho SO2 ya mitambo hiyo ilitoka bila kuoshwa.

Nimalizie na majivu. Tani zetu 90 za kila saa, zikitazamwa kwa hadubini, ni vijipira vya kioo vya silika na alumina. Vikichanganywa na saruji huimarisha zege, ila mteja wa saruji huuliza kwanza kuhusu kaboni ambayo haikuungua. Maabara hupima sampuli, huichoma kwa nyuzi 750 na kuipima tena. Kiwango cha Marekani kinachotumiwa sana kinataka kilichopotea kisizidi asilimia 6, kwa sababu kaboni hunyonya dawa inayotia mapovu ya hewa ndani ya zege. Boila ikichoma vibaya, lori linarudishwa. Jasi nayo hutengenezewa mbao za kuta, ikiwa ni safi na kiwanda kiko karibu.

Kisichouzwa hutupwa, na hapo pana jambo la kuangalia. Aseniki na seleni huwa mvuke ndani ya boila, kisha moshi ukipoa hugandia juu ya chembe ndogo kabisa. Kadiri kichujio kinavyozinasa vizuri chembe hizo, ndivyo lundo la majivu linavyobeba sumu zaidi, na maji ya mvua au ya bwawa ndiyo huzitoa humo. Pale kituo cha umeme cha Kingston, Tennessee, nchini Marekani, majivu yalikuwa yakisukumwa kwa maji hadi bwawani kwa miaka mingi. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2008 ukingo ulibomoka, na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zikafunika ardhi na kuziba mto Emory. Usafishaji uligharimu zaidi ya dola bilioni moja, na baada yake shirika lenye kituo hicho likaamua kuacha mabwawa na kuhifadhi majivu makavu katika vituo vyake vyote.