Wasifu wa Muuza Nazi

Ndugu zangu wafanyabiashara wa Tanga, nimeombwa nizungumzie wasifu wa mwombaji mkopo, nami nitafanya hivyo kwa hadithi niliyoitunga, ya mama muuza nazi katika Soko la Mgandini.

Mama huyu aliomba shilingi 2,000,000 kwenye SACCOS. (Mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani haina riba, lakini wanawake huipata kwa vikundi, naye alikuwa peke yake.) Katika wasifu wake wa kwanza alieleza ujane wake, watoto wake na ugumu wa maisha, kisha akamalizia: "Sijawahi kukopa popote." Afisa mikopo alimrudishia karatasi, akamtaka aandike namna anavyopata mzigo.

Usiku huo alifungua madaftari yake. Mara mbili kwa juma alikuwa akichukua nazi 400 kwa mali kauli kutoka kwa mkulima wa Pangani, kila moja kwa shilingi 700, na kulipa deni la mzigo uliotangulia pale mzigo mpya unapofika. Basi kila mzigo ulikuwa deni la shilingi 280,000, na mbele ya kila deni palikuwa na alama ya kulipwa. Mwanamke aliyeapa kwamba hajawahi kukopa alikuwa amekopa na kulipa kwa miaka!

Palikuwa na pengo moja: wakati wa masika barabara iliharibika, nazi zikachelewa na nyingi zikaoza, naye akalipa baada ya majuma matatu. Alitaka kuliruka. Mimi nasema alifanya vyema kuliandika pamoja na sababu yake, kwa kuwa mkulima naye ana daftari, na afisa mwenye busara hupiga simu.

Kisha akapiga hesabu. Katika nazi 400, ishirini hivi hutoka mbovu au koroma. Zilizobaki 380 huziuza kwa shilingi 1,000. Akitoa bei ya kununulia, nauli ya shilingi 30,000 na shilingi 10,000 za ushuru na wapagazi, hubaki 60,000 kwa mzigo, yaani 480,000 kwa majuma manne. Nyumbani hutumia 300,000. Marejesho yanayozidi 180,000 kwa mwezi yangemlia mtaji.

Lililompa sababu ya kukopa ni kwamba mkulima hupunguza shilingi 50 kwa kila nazi akilipwa taslimu, hivyo mizigo minane ya mwezi ingemwokolea 160,000. Mizigo miwili ya juma kwa taslimu, pamoja na nauli, ni 580,000. Kwa nini basi aombe milioni mbili?

Daftari uliloandika mwenyewe ni ushahidi dhaifu, kwa hiyo aliambatanisha ujumbe wa malipo ya simu aliyomtumia mkulima. Kamati ya mikopo ililinganisha daftari lake na la mkulima, ikakuta tarehe chache zimepishana kwa siku moja, ikauliza kuhusu masika, kisha ikamwidhinishia shilingi 600,000 kwa miezi sita.